Taa ya Kusema Nakuona

Kazi yangu ni kufunga sola, kamera na mitambo ya intaneti, na duka langu liko Ndosho, mjini Goma, kando ya barabara inayokwenda Sake. Watu husema mimi, Niyigena, nina mdomo mkali. Hawajakosea. Mteja akiniambia kamera yake imekufa yenyewe tu, nachemka kabla hajamaliza, maana sijawahi kuona kamera ikijifia. Daima kuna mkono wa mtu.

Mzee Nsengimana nilimpenda kwa sababu hakuwa na uongo wa namna hiyo. Alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, uasi ukamwondoa huko na fimbo yake tu, ng'ombe wakabaki kwa wenye bunduki. Akaja Goma, akajenga nyumba mtaa wa Majengo. Mwaka 2002 mlima wa volkano ulipotapika, alikimbia na watoto. Lava ikaipita nyumba yake mbali, lakini aliporudi alikuta kuta tupu. Wezi walikuwa wamebeba hata mlango. Basi akajenga upya kwa mawe yaleyale ya volkano, meusi, mazito, kuta nene ambazo alizipigapiga kwa kiganja kila alipopata mgeni. Alikuwa akisema lava imemlipa deni lake.

Uzeeni masikio yake yaliziba. Simu ikawa haina maana kwake. Ukimpigia alikuwa anaitazama tu ikitetemeka mezani. Binti yake, Nyiramahirwe, anauza samaki soko la Kituku tangu alfajiri, na mwanawe wa kiume, Florent, anaendesha pikipiki ya abiria mjini. Mzee alikuwa anashinda peke yake. Ndipo Nyiramahirwe akaja dukani kuniuliza kama naweza kumtafutia njia ya kumsalimia baba asiyesikia.

Njia ilikuwepo, na ya bei ndogo. Nikaweka kamera kwenye pembe ya sebule, na taa ya mezani nikaichomeka kwenye plagi ile inayotii simu. Kamera haikuwa na spika, na hata ingekuwa nayo, angesikia nani? Wakakubaliana hivi: Nyiramahirwe akiwa Kituku anazima na kuwasha taa mara mbili, maana yake "nakuona, tulia." Mzee akiona, anainua fimbo mbele ya kamera. Wanawake wa sokoni walikuwa wanaacha samaki wao kuja kutazama kwenye simu ile fimbo ikipanda. Nyiramahirwe alikuwa anacheka peke yake kama msichana aliyeandikiwa barua.

Shida ilianza kwa ukarimu. Kwa Nsengimana neno la siri la intaneti lilikuwa mali ya kiwanja kizima, kama bomba la maji. Mpangaji analo, mgeni wa mpangaji analo, na mgeni wa mgeni. Siku moja taa ikaanza kuwaka na kuzima, mzee akainua fimbo, taa ikaendelea, akainua tena, mpaka mkono ukachoka. Nyiramahirwe hakuwa amegusa simu. Kulikuwa na mtu kwenye mtandao uleule ambaye alikuta ukurasa wa ile plagi umekaa wazi bila neno la siri, akajifurahisha. Mzee alipojua kwamba alikuwa anamsalimia mtu asiyejulikana, alinuna siku nyingi.

Nilikwenda nimekasirika, nikakata shauri. Ndani ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, nikatengeneza mitandao miwili. Mmoja nikauita Watu, mwingine nikauita Vitu. Simu zote za kiwanja zikabaki kwenye Watu. Kamera na plagi zikaenda Vitu, na neno lake la siri hakupewa mtu isipokuwa Nyiramahirwe na mimi. Vilivyo kwenye Vitu vina mlango wa kutokea kwenda intaneti, kwa hiyo Nyiramahirwe anaiona sebule yake akiwa Kituku, lakini havioni simu za watu, na simu za watu haziwezi kuvifikia. Vyombo hivi vya bei rahisi havijalindwa vizuri. Mwizi akiingilia plagi, aishie kwenye plagi, asivuke kwenda kwenye simu yenye pesa za samaki. Na taa isiseme uongo tena. Hilo ndilo nililomwahidi mzee, kwa kumwandikia kwenye kiganja changu kwa kalamu, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

Florent alikuwepo siku ile, ananishikia ngazi na kunichokoza. Aliona Vitu nimeuwasha kwenye mbili nukta nne tu, wakati Watu una mbili nukta nne na tano. Akauliza kwa nini navinyima vitu vyao ile ya mbio. Nikamwambia hizo ni gigahezi, ni namna mbili za mawimbi. Ya tano ina mbio lakini ukuta unaichosha, na ukuta wa baba yake ndio kabisa. Ruta ilikuwa chumbani kwa Florent uani, chumba cha mbao, na programu ya kuiongoza alikuwa nayo kwenye simu yake kama mimi; mawimbi yalipaswa kupenya mawe yale meusi mpaka sebuleni. Ya mbili nukta nne ni ya polepole, inafika mbali, inapenya. Tena waliotengeneza kamera na plagi hizi wanaweka redio ndogo ya bei ndogo inayojua ile moja tu. Ya tano haziioni kabisa, iwe karibu iwe mbali. Florent akacheka, akasema basi plagi ni kama baba yake, inasikia kwa sikio moja. Nami nikacheka. Sikujua kwamba alikuwa ameshika kicheko na kuacha maneno.

Mei 2021 mlima ukatapika tena. Jumamosi jioni mbingu ikawa nyekundu, lava ikashuka, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Baadaye ardhi ikawa haitulii, inatetemeka mchana na usiku, barabara zikapasuka. Alhamisi asubuhi serikali ikasema mitaa kadhaa ihame, Majengo ikiwemo, maana moto huenda uko chini ya mji. Mji mzima ukamiminika barabarani, magodoro vichwani, kuelekea Sake. Duka langu likawa kama ukingo wa mto.

Kwa kawaida yetu, watu wakikimbia, mmoja hubaki kulinda nyumba. Huwa ni baba. Nsengimana alikuwa amekwisha kuketi sebuleni na fimbo yake magotini. Nyiramahirwe alimpigia magoti, hakusikia wala hakutaka kusikia. Kilichomwondoa ni ile kamera. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, lakini ruta, kamera na taa vilikula kwenye betri ya sola, na intaneti ilitoka kwenye laini ya simu iliyo ndani ya ruta. Binti yake akamwonyesha sebule ndani ya simu, akamwandikia: tutailinda tukiwa njiani, picha ikiwepo nyumba ipo. Mzee akasoma mara nyingi. Akainuka.

Walifika dukani kwangu wamechoka, mzee na binti, Florent akisukuma pikipiki kwa sababu msongamano haukuruhusu kupanda. Nikawapa uji, nikawatandikia mkeka nyuma ya kaunta. Mzee akaketi ameshika simu ya Nyiramahirwe kwa mikono miwili, anatazama sebule yake. Hakuna kilichotokea kwenye ile picha: kiti, meza, taa, ukuta. Alikuwa anatazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Nikawaacha, nikaenda kutafuta maji, maana siku ile maji yalikuwa yanapiganiwa.

Niliporudi, mzee hakuwepo.

Nyiramahirwe alikuwa amesimama katikati ya barabara anazunguka, anaita jina la baba asiyesikia. Nikamvuta ndani. Akaniambia picha ilikuwa inakwama kwama, halafu ikazimika. Kioo kikawa cheusi, na plagi nayo ikaandikwa kwamba haipatikani. Walijaribu na kujaribu. Mzee alirudisha simu, akasema maneno machache tu kwa Kinyarwanda, kwamba wezi wamekwisha kuingia. Wakadhani ametoka nje kujisaidia.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kwa mtu mwingine kioo cheusi ni mtandao mbovu. Kwa Nsengimana ilikuwa 2002, mlango unabebwa.

Nilifungua programu ya ruta kwenye simu yangu. Ruta ilijibu palepale. Kwa hiyo betri ilikuwa nzima, laini ilikuwa nzima, hakuna mwizi aliyekata waya. Watu ulikuwepo. Vitu haukuwepo. Nikashuka chini zaidi, nikakuta mbili nukta nne yote imezimwa, na ya tano imebaki peke yake, inameremeta. Nikainua macho kumtazama Florent. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni weye?" nikamuuliza.

"Picha ilikuwa inakwama, Papa alikuwa anasumbuka," akasema. "Nikaingia kwa ruta na simu yangu, nikaona ile ya polepole haina hata simu moja juu yake. Nikasema niifunge, ili nguvu yote iende kwa cinq, ile ya tano. Kamera ingehamia yenyewe, sawa vile simu yangu inahamiaka."

Simu yake inahama kwa sababu ina redio mbili. Kamera ilikuwa na moja, naye alikuwa ameizimia ulimwengu. Na picha haikukwama kwa sababu ya nyumbani. Ilikwama kwa sababu mji mzima ulikuwa barabarani na simu mikononi, minara imeelemewa. Niliyasema yote hayo kwa ukali, na mengine ambayo sitayaandika. Nikamuuliza kwa nini hakusema ilipozimika. Akasema aliona aibu, alikuwa anasubiri nirudi ili nitengeneze kimyakimya kabla baba hajajua. Aibu. Nilitamani kumpiga, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Nikawasha mbili nukta nne. Tukangoja. Vyombo hivi vikipotewa na mtandao wao huendelea kuuita jina lake, na jina likirudi na neno la siri lilelile, vinarudi vyenyewe. Plagi ikatangulia. Kisha picha: kiti, meza, taa, ukuta. Hakuna mwizi. Hakuna kilichoguswa. Nyiramahirwe akakaa chini kwenye sakafu, akalia kwa sauti, kwa sababu mtu aliyepaswa kuiona picha ile alikuwa anatembea kwenda kuitafuta kwa miguu yake.

Florent alikwisha kuwasha pikipiki. Kwenda Majengo siku ile ilikuwa kwenda kinyume cha mji mzima. Tulimwona akimezwa na magodoro na mikokoteni, anapiga honi, hakuna anayempisha.

Tulibaki sisi wawili na simu. Nyiramahirwe alimpigia kila jirani aliyemjua. Wote walikuwa njiani, mmoja Sake, mwingine ameshavuka mpaka kwenda Gisenyi. Kiwanja kizima kilikuwa kimehama. Ardhi ilitikisika mara kadhaa chini yetu, na kila mara rafu zangu zikigongana, tulitazama picha nayo ikitikisika, tukajua ni tetemeko moja linalopita kwetu na kwake.

Jua lilikuwa limeanza kulala alipoingia. Kwanza tuliona fimbo, halafu yeye, kofia imejaa vumbi. Alisimama mlangoni akikagua. Akagusa kiti. Akagusa meza. Halafu akafanya lile alilolifanya kwa kila mgeni, akapigapiga ukuta kwa kiganja, na uso wake ukalegea. Nyiramahirwe aliita Papa, kwa sauti ndogo, kama vile alikuwa ameketi kando yake.

Mimi ndiye niliyeuona ufa. Ulianzia juu ya dirisha, ukashuka nyuma ya kiti, mpana kiasi cha kuingiza kidole, na kwenye picha ya asubuhi haukuwepo. Nikamwonyesha Nyiramahirwe. Mawe yale hayana huruma. Nyumba ya mbao ikitikiswa inalialia na kusimama, ya mawe inakuja chini. Chumba cha Florent cha mbao kilikuwa hatua chache tu uani. Angetoka sebuleni, angepona.

Tulikuwa na taa. Nyiramahirwe akabonyeza, mara mbili.

Mzee akageuka kwenye kamera. Akatabasamu. Akainua fimbo. Kisha akakaa kwenye kiti, chini ya ufa.

"Hapana, Papa, toka," akasema Nyiramahirwe, akabonyeza tena. Fimbo ikapanda tena. Akabonyeza haraka haraka, bila hesabu, taa ikawa inapepesa kama macho ya mgonjwa. Mzee akacheka, tuliona mabega yakicheka. Alidhani binti yake anamtania kwa furaha ya kumwona. Akainua fimbo kwa kila mwako aliouweza, mpaka mkono ukamchoka, akaiweka magotini.

Nikamwambia azime kabisa, aiache imezimwa, labda giza litamtoa. Akaizima. Mzee akangoja. Akainama, akaigonga taa kwa ncha ya fimbo, taratibu, kama anayeamsha mtu. Halafu akatazama kamera, anasubiri aambiwe anaonekana. Alingoja kwa subira ya mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote. Nyiramahirwe hakuweza kuvumilia kumwona kwenye giza lile akisubiri. Akaiwasha.

Nilikuwa nimeujenga mtandao ule ili mtu asiyehusika asimdanganye mzee kwa taa. Nilifanikiwa vizuri sana. Aliiamini.

Florent akanipigia simu, anahema, nikaifungulia spika. Pikipiki ameiacha, amekimbia, yuko karibu na kiwanja. Nikampigia kelele kwamba mzee yuko ndani, amtoe, amvute tu asimweleze. Nikamsikia anakimbia. Ndipo rafu zangu zikaanza kugongana, na kwenye picha mzee akaweka kiganja kwenye ukuta, kama mtu anayemtuliza ng'ombe aliyeshtuka. Kioo kikawa cheusi.

Simu ya Florent haikukatika. Tulisikia upepo tu, na mawe. Halafu akarudi, sauti si yake.

"Da Nyira, usizime taa. Minaona mwangaza chini ya mawe."

Kamera ilikuwa imevunjika, lakini plagi ilikuwa kwenye pembe iliyobaki wima, na ruta na betri vilikuwa salama kwenye chumba cha mbao. Kwenye simu ya Nyiramahirwe bado iliandikwa kwamba taa inawaka. Alishika simu ile mbele yake kwa mikono miwili, kidole mbali na kioo, asije akagusa kwa bahati mbaya. Florent alichimba kwa kufuata ule mwanga, kwa mikono, baadaye na watu wawili waliokuwa wamebaki kulinda nyumba zao kama baba zetu wote. Mimi sikuwa na la kufanya. Na fundi asiye na la kufanya ni mzigo, nikakaa pale nikiwa mzigo.

Walimkuta. Florent alisema hivyo tu, wamemkuta, na kwa jinsi alivyosema hatukuuliza lingine. Akaongeza kwamba fimbo ilikuwa mkononi. Kisha akaanza kusema kuhusu ile ya polepole isiyo na mtu, kwamba alidhani haina mtu, akairudia mpaka mmoja wa wale wawili akamnyang'anya simu na kuikata.

Nje watu waliendelea kupita kwenda Sake. Nilitaka kumwambia Nyiramahirwe neno, nikakuta ule mdomo mkali wote hauna kitu. Yeye alikuwa bado anatazama ile alama ndogo kwenye simu, ya taa inayowaka kwenye nyumba isiyokuwepo.

"Tulikuwa na ya kumwambia nakuona," akasema. "Ya kumwambia toka, hatukuweka."

Akaniuliza kama sasa anaweza kuzima. Akabonyeza mara mbili, akangoja kidogo, halafu akazima.